Tiketi za usakinishaji: mambo ya kukagua katika jibu la kwanza

Kwa wahudumu wa dawati, ofisi ya Malindi. Yahusu programu ya vyumba na risiti, toleo 4.2.1, upande wa Windows.

Usimwambie mteja "itoe uiweke upya" kabla hujaandika mambo manne yaliyo hapa chini. Ushauri huo hufuta ushahidi, na mara nyingi hitilafu hurudi ile ile. Mteja wa Shela tukishindwa kumsaidia kwa simu, fundi atapanda basi hadi Mokowe, kisha boti. Hiyo ni siku nzima, na nyumba ya wageni inaendelea kuandika risiti kwa mkono.

☐ Mfumo. "Kompyuta ya Windows" haitoshi. Mwambie abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike `winver`, akusomee mistari miwili ya mwanzo. Unachotaka kiwe hivi: Windows 10, 22H2, 19045. Uliza pia kama ni ya biti 32 au 64. Ataiona kwenye Settings, System, About. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Iandike tu kwenye tiketi, usimlaumu mteja kwa hilo.

☐ Toleo. La faili analosakinisha, na la programu iliyokuwapo awali kama ipo. Asome jina zima la faili pamoja na ukubwa wake. Wengi hupakua kwa bando la simu, mtandao ukikatika katikati faili hubaki nusu. Ukiwa na shaka, linganisha na alama ya faili letu:

```
certutil -hashfile vyumba-4.2.1.msi SHA256
```

☐ Maneno ya hitilafu, neno kwa neno. Hapa usikubali muhtasari. "Imekataa" si hitilafu, wala "imeleta kitu chekundu". Kisanduku cha ujumbe kikiwa wazi, mteja akibonyeza Ctrl na C mara nyingi maneno yote hunakiliwa, abandike kwenye WhatsApp. Ikishindikana, apige picha ya skrini nzima, si pembe moja. Usitafsiri ujumbe wala usisahihishe herufi zake. Uuweke kwenye tiketi kama ulivyo.

Namba huonyesha pa kuanzia:

- 1618: usakinishaji mwingine unaendelea. Subiri uishe, au azime na kuwasha kompyuta.
- 1633: faili halilingani na aina ya kompyuta. Rudi kwenye biti 32 na 64.
- 1638: toleo jingine limeshawekwa.
- 0x80070005: amenyimwa ruhusa. Uliza kama akaunti yake ni ya msimamizi.
- 0x80070070: diski imejaa.
- 1603: yenyewe haikwambii chanzo. Usikisie. Afungue Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, aende kwenye folda yenye faili, kisha:

```
msiexec /i vyumba-4.2.1.msi /L*v C:\Users\Public\vyumba.log
```

Atume faili hilo la log. Tafuta ndani yake `Return value 3`, kisha soma mistari iliyo juu yake. Sababu huwa hapo.

☐ Kilichobadilika karibuni. Ukiuliza "kuna kitu mmebadilisha?" utajibiwa hapana, na mteja hasemi uongo: yeye hajagusa kitu. Uliza kimoja kimoja. Umeme ulikatika lini mara ya mwisho, na kompyuta ilikuwa ikifanya nini? Windows imeomba kuwashwa upya? Kuna antivairasi mpya? Nani mwingine anaitumia, mhasibu labda, au kijana aliyekuja kuunga printa? Saa na tarehe ziko sawa? Kompyuta kuukuu ikiisha betri ya ndani hurudisha tarehe nyuma miaka, na hapo vyeti vya usalama hukataliwa ingawa faili ni zima.

Jibu la kutuma. Uliza yote kwa mara moja. Hili lilitumwa kwa dada wa mapokezi Shela:

"Salaam aleikum dada. Pole kwa usumbufu, najua mna wageni. Tafadhali usiitoe programu kwanza. Naomba picha ya skrini nzima yenye ule ujumbe, picha ya kinachotokea ukiandika winver, na jina la faili ulilopakua. Je, tangu ilipofanya kazi vizuri, umeme umekatika au kuna mtu ameshika kompyuta? Nikishapata haya nitakupigia, tufanye pamoja."

Kama rekodi za wageni ziko kwenye kompyuta hiyo hiyo, nakala iwekwe kwenye flashi kabla ya kugusa chochote. Hili halingoji ruhusa ya mkubwa.

Kumpelekea fundi. Tiketi iende ikiwa na yote manne, pamoja na ulichojaribu na kilichotokea. Mfano wa tiketi iliyokamilika: "Windows 10 22H2, biti 64. Kutoka 4.1 kwenda 4.2.1. 1603, log imeambatishwa. Umeme ulikatika jana usiku Windows ikijisasisha; haijawashwa upya tangu hapo." Fundi akisoma hivyo anajua aanzie kwenye sasisho lililokatizwa. Ikikosekana hata moja, irudishwe kwako, na wewe ndiye umpigie mteja.