Mstari wa 212

Bwana Athmani alikuja baada ya alasiri, kikopo cha halwa mkononi, akapiga hodi ijapokuwa mlango wa zahanati ulikuwa wazi.

"Karibu, ami," Mwanaesha akasema, akamsogezea kiti.

Mwanaesha hakuwa daktari wa digrii. Alikuwa ofisa wa kliniki, mwenye diploma yake, lakini kisiwani Pate anayekupima na kukuandikia dawa ni daktari, basi. Waliulizana hali, za nyumbani, za baharini. Kisha Bwana Athmani akaweka kikopo mezani, juu ya kitabu cha wagonjwa.

"Mwanangu, nataka cheti. Fahmi alilala hapa Ijumaa, ana malaria. Tangu magharibi hadi asubuhi."

Ijumaa saa tatu usiku Mwanaesha alikuwa akimfunga gango Kombo, hamali wa miaka kumi na tisa. Mkono ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo, umepinda kama kijiko. Kila alipouinua, kijana aliuma kilemba cha babake asipige kelele. Alisema amepigwa kasia gatini, akamtaja aliyempiga. Jumamosi polisi walileta fomu ya P3, na Mwanaesha ndiye aliyeijaza.

"Ami, Fahmi hakuja hapa Ijumaa."

"Najua." Mzee alisema kwa upole, bila haya. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Ni mstari mmoja tu."

Mwanaesha akaondoa halwa juu ya kitabu, akakifungua. Ijumaa ilianzia 209, mtoto mwenye kuhara. 210, mama wa kliniki. 211, mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa. 212, Kombo. 213 ilikuwa Jumamosi asubuhi. Baina ya 212 na 213 hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha uzi.

"Tazama mwenyewe. Tuseme nimebana jina hapa chini. Malaria haiandikwi bila kipimo, na vipimo huhesabiwa kila jioni. Itabidi nitupe kimoja. Kisha dozi ya dawa, nayo ina daftari lake. Kisha nimwambie Bi Saumu, aliyekuwa zamu, akubali kwamba alimwona. Na hapa tuna kitanda kimoja cha kupumzisha mgonjwa, ami. Usiku ule alilala Kombo. Fahmi nimlaze wapi?"

Bwana Athmani akanyamaza. Nje punda alilia, mtoto akamfukuza.

"Kiwanja hiki alitoa babangu," akasema hatimaye. "Na mzazi akishikwa usiku, boti ni yangu, mafuta ni yangu. Sijawahi kudai senti."

Kweli tupu. Mwaka huu pekee boti ile ilikuwa imewavusha akina mama watano hadi Lamu, na mmoja wao alikuwa mke wa kaka yake Mwanaesha. Alihisi koo linamkauka. Mtu anayekutisha kwa alichokwiba ni rahisi kumjibu. Huyu alimtisha kwa wema wake, na wema ulikuwa wa kweli.

"Mungu akulipe kwa hayo yote, ami. Mlete Fahmi sasa hivi, nitampima, na nitakachokikuta nitakiandika kwa tarehe ya leo. Ya Ijumaa siandiki. Nikiitwa mahakamani nitaulizwa nilimwona nani, na nilimwona Kombo."

"Umekua ukila nyumbani kwetu, Mwanaesha."

"Nimekula. Na Kombo amebeba mizigo yenu tangu ana miaka kumi na mbili."

Mzee akainuka. Halwa hakuichukua, Mwanaesha alimfuata hadi barazani, akamkabidhi kwa mikono miwili. Akaipokea bila kumtazama.

Usiku wa tatu yake, Bi Saumu alimgongea Mwanaesha. Mzazi wa mimba ya kwanza, maji yamemwagika tangu adhuhuri, mtoto amekaa matako chini. Lamu, sasa hivi, kabla maji hayajakupwa wakashindwa kupita mfereji wa Mkanda.

Gatini boti ya Bwana Athmani ilikuwa imefungwa, injini imefunikwa turubai, nahodha hayupo. Mwanaesha hakusimama kuitazama. Alipita nyumba za wavuvi akigonga mlango kwa mlango. Wa tatu akafungua. Boti alikuwa nayo, mafuta hayatoshi. Jirani akatoa galoni, mwingine akatoa nusu. Mama mkwe wa mzazi akatandika godoro sakafuni mwa boti, akakaa kichwani pake.

Mwanaesha aliandika barua ya rufaa akiwa amesimama, tochi ya simu mdomoni: mapigo ya mtoto 140, presha ya mama, saa maji yalipomwagika. Akampa Bi Saumu, aliyepanda na mzazi. Boti ikazima taa ya mbele ili nahodha aone maji, ikatoka.

Alirudi zahanati peke yake, akafungua kitabu. Mstari wa 231. Akaandika jina la mzazi, kijiji, umri, kisha akatazama saa: nne na dakika hamsini. Aliposhuka gatini ilikuwa nne na ishirini. Nusu saa nzima walikuwa wakitafuta mafuta. Akaandika saa zote mbili.