Ukili Saluni, Sinza Mori: mitindo na bei zetu

1
Njoo usukwe vizuri, ulale usingizi usiku huohuo.
Telezesha uone mitindo na bei 👉🏾

2: Twende kilioni
Nywele zako mwenyewe: sh 5,000
Ukiongeza rasta: sh 10,000
Saa moja tu, umeshaondoka.

3: Mabutu ya uzi
Sh 6,000, uzi ni wetu.
Bibi zetu walinyoosha nywele hivi, bila moto wala dawa. Kaa nayo siku nne au tano, ukifumua utaona urefu ambao hukujua unao. Sisi tunaupenda sana mtindo huu.

4: Rasta zisizo na fundo
Nene: sh 25,000 (saa 4)
Za kati: sh 35,000 (saa 5 hadi 6)
Ndogo: sh 50,000 (siku nzima, wasusi wawili)
Tunaanza na nywele zako, rasta tunaiingiza kidogokidogo, kwa hiyo shina halibebi uzito wote kwa mara moja. Bei hizi ni za ususi. Njoo na rasta zako, au chukua kwetu, pakiti sh 3,500. Za kati hula pakiti 6 zikifika mgongoni.

5: Watoto chini ya miaka 10
Mistari bila rasta: sh 4,000
Rasta nzito hatuwasuki watoto, hata mama akiomba. Ngozi ya vichwa vyao bado laini.

6: Nywele za mbele
Ukisukwa mpaka macho yanavutika na vipele vinatoka pembeni, huo si unadhifu. Shina linang'oka, na likivutwa hivyo miaka mingi, nywele za kwenye kipaji hazirudi tena. Kwetu ukisema "inauma", msusi anafumua na kuanza upya. Huongezi hata shilingi. Na kama umeweka dawa juzi, subiri wiki mbili ndipo uje.

7: Kuweka nafasi
Bonyeza "Ujumbe" hapa kwenye ukurasa, utuandikie hivi:

"Habari dada, naitwa Neema. Nataka rasta za kati zisizo na fundo, mpaka mgongoni, rangi namba 33. Jumamosi saa 2 asubuhi. Nywele zangu hazina dawa."

Ambatanisha picha mbili: mtindo unaoutaka na nywele zako zilivyo sasa. Hiyo ya pili ndiyo inayotuwezesha kukutajia bei ambayo haitabadilika ukishakaa kwenye kiti.
Tunajibu saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku. Tukikubaliana, tanguliza sh 5,000 kwa simu. Namba tutakutumia kwenye ujumbe. Hiyo sh 5,000 inakatwa kwenye bei yako. Ukipata dharura, tuambie siku moja kabla, tutakuhamishia siku nyingine.

8: Tulipo
Sinza Mori, Dar es Salaam. Ukishuka kituoni tutumie ujumbe, dada mmoja atakuja kukupokea.
Jumanne hadi Jumapili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Jumatatu tunapumzika.
Njoo umeosha na kuchana. Ukishindwa, tutakuosha kwa sh 5,000.