Homa Ilianza Lini?

Mwezi wa saba kwenye milima ya Uporoto hakuna anayeshangaa mtu akikohoa. Ukungu unashuka mpaka kwenye madirisha, baridi inaingia mifupani, watu wanalala karibu na moto wa kuni na kuamka macho mekundu. Ukisema mwanao ana homa na kikohozi, jirani anakujibu kwamba wake naye ana mafua, na mazungumzo yanarudi kwenye bei ya viazi.

Kwa hiyo Atuganile, mhudumu wa afya wa kijiji, hakushtuka dada wa duka la dawa alipomwambia, Ijumaa asubuhi, kwamba dawa ya kikohozi ya watoto imemwishia mara ya pili wiki hiyo.

"Wanaonunua ni wa kitongoji gani?"

"Vyote. Juu, chini, mpaka kule kwenye pareto. Na wote wanataka ya watoto wadogo, Atu. Ya wakubwa ipo tele."

Hilo la pili ndilo lililomfanya afungue begi na kutoa daftari lake la kaya. Baridi haichagui umri.

Nyumba ya kwanza alikuta mtoto wa Mama Neema, mwaka mmoja na nusu, amelala mgongoni mwa mama yake, pua zinatiririka. Zahanati walishampima malaria kwa kipimo cha haraka, hana. Macho yalikuwa mekundu, na mama akasema ni moshi. Huenda. Ila Atuganile alifunua kitenge, akaweka simu kwenye saa, akatazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Hamsini na nne. Kwa umri ule, arobaini tu kwa dakika tayari ni haraka mno.

"Mama Neema, huyu anarudi zahanati sasa hivi. Usingoje mchana."

"Si nilitoka huko Jumatano?"

"Jumatano hakuwa anapumua hivi." Akamwita kijana wa bodaboda, akamsisitiza asiende mbio kwenye korongo, na akamfunga mama kitenge cha pili. Pikipiki ikiwa imeshawaka, akauliza, "Homa ilianza lini hasa?"

"Jumanne. Usiku wa kuamkia Jumatano ndiyo ikapanda."

Nyumba ya pili, Jumanne. Ya tatu, Jumatano asubuhi. Nyumba hizo hazikukaribiana hata kidogo. Hazichoti maji bomba moja, na watoto wenyewe hawajafika umri wa shule. Atuganile alikaa kwenye gogo nje ya nyumba ya tatu, akawauliza wanawake waliokuwa wakijaza viazi kwenye magunia ya lumbesa: wiki iliyopita, na ile ya kabla yake, hawa watoto walikutana wapi?

Walicheka kwanza. Watoto wa umri huo wakutane wapi? Kisha mmoja akaacha kushona gunia.

"Si kwenye msiba wa mzee wa kule juu? Tulilala huko sote. Watoto tuliwalaza jikoni, mkeka mmoja, kwa sababu ya joto."

Msiba ule ulikuwa Jumamosi ya kabla ya iliyopita. Kutoka Jumamosi ile mpaka Jumanne hii, siku kumi. Alihesabu tena kwa vidole, akaanzia siku ya kuzika, na vidole vikamletea jibu lilelile. Mafua ya kawaida hayangojei siku kumi.

Akapanda mpaka kwenye nyumba ya msiba. Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa mlangoni, na dirisha la chumba cha nyuma limezibwa na blanketi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja na sindano, rudi nayo. Ugonjwa huu hauchomwi."

"Sina sindano, bibi. Nina tochi tu. Nimwone kidogo, wewe mwenyewe umshike."

Bibi alimpima kwa macho kwa muda, kisha akaingia kumchukua mjukuu. Mtoto aligeuza uso mara mwanga ulipomgusa. Atuganile akaushusha mwanga, akamwomba bibi amfungue mdomo. Ndani ya mashavu, usawa wa magego, palikuwa na vidoa vyeupe kama punje za chumvi, na kuzunguka kila kidoa wekundu. Akasogeza kofia ya sufu. Nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, vipele vilikuwa vimeanza kutoka.

"Wageni wa msibani walikuja na mtoto anayekohoa?"

"Mjukuu wangu wa mjini. Macho mekundu, analia tu. Mama yake alinipigia simu, anasema siku waliyofika nyumbani akatoka vipele mwili mzima. Tukajua ni kunguni wa basi." Bibi akanyamaza. "Ni surua, siyo?"

"Inafanana nayo, bibi."

Alimpigia tabibu wa zahanati akiwa bado uani, mahali pekee penye mtandao.

"Atu, Julai hii hata mimi nakohoa."

"Nisikilize, daktari. Homa, kikohozi, mafua, macho mekundu, watoto wanne, nyumba nne. Wameanza kuumwa siku zinazofuatana, wote walilala msiba mmoja siku kumi kabla. Mmoja ana vipele kuanzia nyuma ya masikio. Na aliyewaambukiza alitoka vipele baada ya msiba."

Upande wa pili kiti kilisogezwa. "Chanjo?"

Ukurasa ulikuwa wazi mapajani mwake. Sindano ya miezi tisa, karibu wote walikuwa nayo. Ya miezi kumi na minane, safu nzima nyeupe. Mtoto akishatembea, mama anaona kliniki imekwisha, hasa viazi vikiwa shambani. Na aliyekuwa na vipele hakuwa na hata moja.

"Namwita mratibu wa chanjo wa wilaya," tabibu alisema. "Usiruhusu wakusanyike."

Kusema ni rahisi. Jumapili kulikuwa na ibada ya ubatizo, watoto wachanga kanisa zima. Mchungaji alimwelewa kabla hajamaliza. Alikuwa amezika watoto wa surua enzi za ujana wake. Mtendaji wa kijiji ndiye aliyekuwa mgumu.

"Ukisema mlipuko, malori ya viazi hayapandi huku. Andika mafua makali."

Hakuwa mtu mbaya. Nusu ya kijiji ilikuwa imekopa mbolea kwa ahadi ya malori hayohayo.

"Sijaandika mlipuko, mtendaji. Nimeandika washukiwa wa surua. Mlipuko watausema wenye maabara. Dereva wa lori surua haimkatazi kupakia viazi. Mtoto wake akiwa hana chanjo, ndiyo tatizo. Wewe nipe mgambo wawili wapite nyumba za msiba wawaambie wazazi wasitoke na watoto."

"Na nikikataa?"

"Nitapita mwenyewe, na wakiniuliza kwa nini niko peke yangu nitawaambia."

Alitoa mgambo wawili.

Usiku simu ya mratibu ilipatikana. Alitaka tarehe moja moja: ya homa, ya vipele, umri, chanjo. Damu ya watoto ingechukuliwa asubuhi na kupelekwa maabara. Chanjo haingengoja majibu, kwa sababu mtoto aliyekaribiana na mgonjwa akichanjwa ndani ya saa sabini na mbili bado anaweza kuokolewa.

"Mtoto wa Mama Neema?" Atuganile aliuliza.

"Yuko kwenye oksijeni Tukuyu. Ananyonya."

Alishusha pumzi, akageuza ukurasa.

"Nikubebee dozi ngapi?"

"Usihesabu waliolala msibani tu," alijibu. "Hesabu na waliokaribiana na wagonjwa waliobebwa kwenda sokoni wiki hii, na wale wa kitongoji cha pareto ambao sijawafikia. Na vitamini A, ya umri wote. Na kadi mpya, kaka. Za huku nyingi zimeliwa na panya."