Makubaliano ya Kumuazima Neema Kutoka Morogoro Kwenda Kasulu

Haya ni makubaliano kati ya pande tatu: sisi wa Morogoro (shirika la maji vijijini, tutajiita "Morogoro"), wenzetu wa Kasulu, Kigoma (shirika la afya na usafi, tutawaita "Kasulu"), na Neema mwenyewe, afisa wetu wa ufuatiliaji na tathmini. Tumeyaandika kwa lugha ya kawaida makusudi ili kila anayesaini aelewe anachosaini, ila msije mkadhani ni maongezi tu, ni mkataba kamili na ukivunjwa una kesi.

Kwanza tuelewane. Neema anaazimwa, hahamishwi. Mwajiri wake anabaki Morogoro, mkataba wake wa ajira uko palepale na miaka yake ya utumishi inaendelea kuhesabika bila kukatika. Kasulu hawamwajiri, wanamtumia.

MUDA

Anaanza Jumatatu 2 Machi 2026, anamaliza Jumatatu 30 Novemba 2026. Kuongeza muda inawezekana mara moja tu, isizidi miezi 3, na wote watatu wawe wamekubali kwa maandishi kabla ya 31 Oktoba. Kimya sio kukubali, ikipita hiyo tarehe hakuna karatasi basi anarudi.

KAZI YENYEWE

Kasulu wana vituo vya maji vingi na taarifa zake ziko kwenye madaftari, nyingine kwenye simu za watu, kwahiyo Neema anaenda kuwajengea mfumo mmoja wa taarifa kwenye KoboToolbox, kufundisha wakusanyaji taarifa wa vijijini, na kuhakikisha kinachotoka kinafanana na kile jumuiya za watumia maji na RUWASA wilaya wanachokijua. Akiondoka lazima wabaki watu wawili wa Kasulu wanaoweza kutengeneza fomu na kusafisha data bila kumpigia simu. Hao wawili Kasulu wawataje kabla ya Machi kuisha, tena wawe waajiriwa, sio wa kujitolea ambao mwezi wa tano hawapo.

Hatumiki kwa kazi nyingine. Kuandika maombi ya fedha, kusimamia stoo, kuwa mkalimani wa wageni, hizo hazimo. Akiombwa msaada wa siku moja sawa, ikiwa tabia atuambie.

Saa za kazi ni 45 kwa wiki kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyosema. Akizidisha, ni Kasulu wameidhinisha na ni Kasulu wanabeba gharama ya hiyo ovataimu yote.

NANI ANALIPA NINI

Hapa ndipo watu hugombana kwahiyo tutaenda polepole.

Mshahara wa Neema ni shilingi 2,150,000 kwa mwezi kabla ya makato. Morogoro tunaulipa wote kwenye akaunti yake ileile, kabla ya tarehe 28, kama siku zote. Tunakata PAYE na kuipeleka TRA, tunapeleka NSSF (10% yake na 10% yetu), na SDL na WCF tunabeba wenyewe. Kasulu wasimkate chochote na wasimlipe mshahara wa pembeni, maana ikionekana kwenye ukaguzi tutashindwa wote kuieleza.

Kisha Kasulu wanaturudishia 60% ya mshahara pamoja na 60% ya ile NSSF ya mwajiri. Hesabu yake: 1,290,000 ongeza 129,000, jumla 1,419,000 kwa mwezi, kwa miezi 9 ni 12,771,000. Tunatuma invoisi wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata, wao wanalipa ndani ya siku 21. Tunajua mfadhili huwa anachelewa kutoa fedha ila hilo ni lao na mfadhili. Wakichelewa tutadaiana sisi kwa sisi, mshahara wa Neema hauguswi, na ikifika invoisi mbili hazijalipwa tuna haki ya kumrudisha.

Juu ya hapo Kasulu wanalipa moja kwa moja:
- nyumba, hadi 250,000 kwa mwezi, kwa mwenye nyumba, yenye maji na geti linalofungwa
- 60,000 kwa kila usiku anaolala nje ya Kasulu mjini kikazi
- nauli ya kwenda na kurudi, na moja ya katikati mwezi Julai akasalimie nyumbani
- usafiri wa kwenda vijijini, gari au pikipiki yenye bima na helmeti. Hakuna helmeti, hakuna safari, hata kama kijiji ni pale tu.

Nyongeza ya mshahara ikitoka Morogoro mwezi Julai naye anaipata, na asilimia 60 ya Kasulu itapigwa kwenye mshahara mpya kuanzia mwezi huohuo.

LIKIZO NA UGONJWA

Likizo yake ni siku 28 kwa mwaka. Anaomba kwa meneja wa programu Kasulu, nakala kwetu, wakikubaliana anakwenda. Akiumwa anawaambia Kasulu siku hiyohiyo na sisi tunapata nakala ya cheti. Akiumia kazini Kasulu watupigie ndani ya saa 24, maana fomu za WCF tunazijaza sisi na bila taarifa yao hatuna cha kujaza.

ANARIPOTI KWA NANI

Kazi za kila siku anaelekezwa na meneja wa programu wa Kasulu, mtu mmoja, sio kila mwenye ofisi. Kwetu anatuma ukurasa mmoja kwa imeili kila mwisho wa mwezi: nini kimefanyika, nini kimekwama, anahitaji nini. Sauti za WhatsApp za dakika nane hazihesabiki kama ripoti. Katikati ya Julai wasimamizi wote wawili na Neema wanakaa kikao, na tathmini ya mwaka tunaifanya sisi baada ya kupata maoni ya Kasulu kwa maandishi.

Maelekezo yakigongana, Neema asihukumu yeye. Atuandikie wote kwenye imeili moja, tutajibu ndani ya siku 2 za kazi.

Nidhamu ni ya mwajiri. Kasulu wakiwa na lalamiko watuandikie ndani ya siku 2 za kazi, hawana mamlaka ya kumpa barua ya onyo wala kumsimamisha. Naye akinyanyaswa na yeyote huko ana haki ya kuondoka kwanza na kueleza baadaye, nauli tutatoa sisi.

Data zote ni za Kasulu, na majina na namba za simu za wanakijiji zinalindwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hazitoki hata kuja kwetu.

KURUDI

Upande wowote unaweza kusitisha kwa notisi ya siku 30. Kabla ya kuondoka Neema anakabidhi laptopu ya Kasulu, nywila za akaunti ya Kobo na maelezo ya kila fomu, na inasainiwa.

Anaripoti Morogoro Jumatatu 7 Desemba 2026, ile wiki katikati ni ya safari na kupumzika, analipwa. Anarudi kwenye cheo chake kilekile na mshahara usiopungua. Anayemshikia nafasi ameajiriwa kwa muda maalum na ameshaambiwa. Nafasi ikifutwa kabla hajarudi, tunamwambia mapema na haki zake zinahesabiwa kama vile hakuwahi kuondoka.

Kasulu wakimpenda na kutaka kumwajiri waje kwetu kwanza, sio kumnong'oneza. Yeye yuko huru kuchagua, ila sio kabla ya 30 Novemba.

Tukigombana wakurugenzi wawili wanakaa ndani ya siku 14. Jambo la ajira ya Neema likishindikana linaenda CMA.

Imesainiwa nakala tatu, 16 Februari 2026:

Mkurugenzi, Morogoro
Mkurugenzi, Kasulu
Neema, mtumishi anayeazimwa, aliyesoma yote na kupewa nakala yake