Koko Faida Anajinyoosha

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza lingali limetanda juu ya vilima vya Kadutu, mjini Bukavu, Koko Faida alifika uwanja wa Concorde. Kitenge alikuwa amekifunga juu ya suruali ya mazoezi ya mjukuu wake Neema.

"Huyu ni Koko yangu," Neema akamwambia mwalimu. "Mgongo na magoti vinamsumbua."

"Karibu sana, Koko. Hapa hakuna kukimbizana."

Walizunguka uwanja pole pole kwanza, mwili upate joto. Ikafuata kazi yenyewe: kuinama, mikono ishuke kuelekea vidole vya miguu. Mikono ya Koko ilifika magotini ikagoma. Miaka na miaka ya kukaa kwenye kigoda sokoni, akipima samaki wadogo wa sambaza kwa kikombe, ilikuwa imemkaza kiuno. Alijaribu kujirusha chini.

"Hapana, Koko! Usijirushe. Baki hapo hapo, pumua, hesabu mpaka makumi mawili."

Koko akahesabu kwa sauti, kwa lugha yake ya Mashi. Wazee wawili wa nyuma wakaitikia, na kabla hajamaliza uwanja mzima ulikuwa unahesabu naye, hata vijana waliokosea kila namba.

Jumatano ndiyo iliyomjaribu. Aliamka mapaja yanawaka, akashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, ameshika ukuta, huku akicheka kila hatua.

"Koko, leo tupumzike?"

"Nipumzike nini? Nipe mkono twende."

Mwalimu alimweleza kwamba misuli isiyozoea huuma zaidi siku ya pili au ya tatu, kisha hulegea. Ila goti likichoma ghafla, aache mara moja. Siku hiyo alimpa kiti: akae kwenye ukingo, anyooshe mguu mmoja mbele, kisigino chini, vidole vikitazama juu, kisha aegemee mbele kidogo mgongo ukiwa umenyooka. Koko alisikia nyuma ya paja pakivutika, akafumba macho. "Yoo! Kumbe hapa ndipo palipojificha!"

Alhamisi mvua ilinyesha, wakajinyoosha barazani kwa duka lililofungwa, wakishikilia nguzo kwa zamu.

Jumamosi kulipopambazuka, ziwa Kivu likiwa limeanza kung'aa kule chini, Koko aliinama. Vidole vilipita magoti, vikashuka hadi katikati ya muundi, vikasimama hapo.

"Neema! Unaona?"

"Naona, Koko!"

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia sokoni, akamkuta jirani yake wa meza ameshika kiuno, anajaribu kuinua beseni la sambaza.

"Mama Bahati, weka chini hiyo. Jumatatu nakupitia saa kumi na moja."

"Mimi? Na huu mwili?"

"Huo huo. Tafuta suruali ya mtoto, kitenge juu. Na ujue kuhesabu, maana vijana wetu hawajui."