Habari ya Saa Saba

Mnara ulikata usiku wa Ijumaa, muda mfupi baada ya ile sauti kuingia kwenye magrupu. Mwanamume asiyejitaja jina alisema huku akihema kwamba Noah iliyotoka Kipatimu imesombwa na maji kwenye kalavati, abiria kumi na wawili, hakuna aliyetoka. Basi. Kulipopambazuka Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, kijiji kizima kilikuwa kwenye msiba ambao hakuna aliyeushuhudia.

Zuhura alikuwa mwandishi wa redio moja ya mkoani, wa kulipwa kwa stori. Stori ikirushwa anapata elfu kumi, isiporushwa hapati kitu, na siku nyingine zote anashona sare za shule kwenye baraza la shangazi yake. Tangu katikati ya wiki Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa tahadhari juu ya kimbunga Hidaya, na yeye ndiye aliyepita na tangazo hilo kitongoji kwa kitongoji, akiwaambia watu watoke mabondeni. Vijana walimjibu kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Mzee Mbonde peke yake ndiye aliyeanza kufunga mbuzi wake siku hiyohiyo. Baba yake alikuwa Lindi mwaka 1952, kimbunga kilipoupiga mji ule, na alikufa akiwa bado anasimulia mabati yaliyoruka.

Sasa mvua ilikuwa haina mapumziko, na upepo ulikuja kwa mikupuo, ukinyamaza kidogo halafu ukirudi na nguvu mpya. Michungwa ya nyuma ya zahanati ilikuwa imelala chini na matunda yake mabichi. Zuhura alivaa koti la mvua la shemeji yake, akatia daftari kifuani chini ya nguo, akaenda kwa mtendaji.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza habari za Noah."

"Nimekuja kuuliza nani kaiona."

Mtendaji alifikiri. Aliambiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti aliambiwa na mwanawe. Mwanawe alisikia kwenye simu.

"Basi mimi nakwenda kalavatini," Zuhura akasema.

Mpwa wake Shaweji alimfuata na panga, kwa kuwa miti ilikuwa imeanguka njiani. Kalavati halikuwepo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalipita kwa kasi pale barabara ilipokuwa, na upande wa pili, ambako barabara iliendelea kuelekea Njia Nne, ukingo ulikuwa ukimeguka mapandemapande. Shaweji alianza kulia kimyakimya. Alikuwa na rafiki aliyekuwa konda wa Noah.

Zuhura alikuwa akitazama chini. Mita chache kabla ya pale barabara ilipokatika, chini ya mwembe uliozuia mvua kidogo, palikuwa na alama za matairi ambazo matone hayakuwa yamezifuta. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu yake. Alama zilikwenda mbele, zikasimama, zikarudi nyuma kwa kupindapinda, kisha zikaingia kwenye shamba la muhogo. Mihogo ilikuwa imelazwa mistari miwili.

"Huyu aligeuza," akasema. "Shaweji, tazama. Aligeuza gari."

Waliifuata mistari ile hadi ikapotea kwenye majani, lakini kwa uelekeo huo mbele yao hapakuwa na jengo jingine zaidi ya shule ya msingi. Noah ilikuwa nyuma ya darasa la tatu, imezama matope hadi mlangoni. Ndani ya darasa watu walikuwa wameanika nguo juu ya madawati, na konda, rafiki yake Shaweji, alikuwa akijaribu kuwasha moto wa kuni mbichi katikati ya sakafu. Shaweji alimrukia hata wote wawili wakaanguka.

Zuhura aliwaacha. Alitoa daftari akaanza kuhesabu, na kwa vile alijua idadi hii ndiyo itakayoulizwa, hakuhesabu kwa macho. Alimfuata kila mmoja alipokaa. Jina lako nani, umetoka wapi, ulikuwa unakwenda wapi, nikikutaja redioni utaridhia? Dereva, konda, mama wawili waliokuwa wakipeleka machungwa Nangurukuru, mwalimu aliyekuwa akirudi Chumo, wanafunzi watatu. Mwanamume mmoja wa makamo, aliyekaa peke yake kwenye kona na begi magotini, alitikisa kichwa.

"Mimi usinitaje, dada. Nyumbani hawajui kama nimesafiri."

"Sawa, kaka. Nitasema abiria mmoja."

Mmoja wa wale mama alifunua khanga. "Na huyu umeandika?"

Mtoto alikuwa na miezi minne. Alikishika kidole cha Zuhura kwa nguvu, na kalamu ilibidi ingoje. Kumi, akaandika. Akapigia mstari chini yake na kuandika saa: nne asubuhi.

Njiani kurudi alipita kwenye nyumba sita zilizoezuliwa mapaa, akaingia kila moja. Hakuna aliyeumia zaidi ya bibi mmoja aliyechanwa na bati mkononi. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kitongoji kizima ambacho hakuna mtu aliyeweza kukifikia. Waliokuwa ukingoni walisema asubuhi waliona moshi, basi. Aliandika hivyo hivyo: moshi umeonekana, hakujafikika.

Mtandao ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima, kwenye jiwe ambalo watu huliita Posta. Siku za kawaida pale juu utamkuta kijana anabembeleza mchumba wa Dar es Salaam na mzee anasubiri pesa za mwanawe. Siku hiyo hapakuwa na mtu, na njia ilikuwa mfereji. Zuhura alivua ndala akazivaa mikononi, akapanda kwa miguu na viganja. Simu ilikuwa kwenye kifuko cha barafu kilichofungwa kwa mpira, kwa sababu kioo cha simu hukubali kuguswa kupitia kifuko kile. Walipokaribia kileleni radi ilipiga upande wa Kibata.

"Acha panga hapa," akamwambia Shaweji. "Na usisimame wima. Tutatambaa."

Walijibanza upande wa chini wa jiwe. Betri: asilimia kumi na nne. Kijiti kimoja cha mtandao kilitokea, kikapotea, kikatokea. Saa sita na dakika thelathini na mbili. Taarifa ya habari ni saa saba kamili.

Simu iliita mara moja tu.

"Zuhura! Uko hai? Tunakutafuta tangu usiku." Mhariri aliongea haraka, na nyuma yake simu nyingine zilikuwa zikiita. "Barabara ya Kilwa imekatika Somanga, magari yamekwama pande zote mbili. Sasa nipe ya Noah. Wenzetu wameshaiweka mtandaoni, kumi na wawili. Nipe hata jina moja."

"Haijasombwa, kaka. Wote wazima."

"Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa. Nimewa—"

Ikakata. Alipiga tena, ikagoma. Akajaribu kutuma sauti, kamshale kakazunguka tu. Asilimia kumi na moja. Ujumbe wa kawaida ndio unaopenya mtandao unapokuwa na pumzi ndogo, hilo alilijua kwa miaka, na ujumbe mmoja ni herufi 160. Akajifunika khanga na simu ndani yake, Shaweji akashika pembe mbili upepo usiichukue, na mle gizani akaandika:

NOAH YA KIPATIMU HAIJASOMBWA. Dereva aligeuza kabla ya kalavati. Watu wote 10 wazima, wapo shuleni. Nimewahesabu mwenyewe saa 4 asubuhi.

Haukwenda. Akabonyeza tena. Haukwenda. Aliinua mkono nje ya khanga, juu kabisa, akihesabu moyoni hadi ishirini, akaurudisha. Umekwenda. Akafuatisha wa pili:

Kalavati limevunjika, njia ya Njia Nne haipitiki. Nyumba 6 zimeezuliwa. Kitongoji cha ng'ambo hakijafikika, moshi umeonekana. Sijathibitisha kifo chochote.

Saa saba kasoro dakika tano simu ilitetemeka.

"Nimepata zote mbili," mhariri akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikiliza, dada. Hii nikiirusha nawapinga wote. Nikisema wako hai, halafu jioni maiti zikaonekana, sijui nitaangalia watu wapi. Una hakika na hiyo kumi?"

"Kaka, wa kumi ana miezi minne. Amenishika kidole."

Mhariri alinyamaza kidogo. "Betri?"

"Nane."

"Usikate. Nakuingiza hewani moja kwa moja. Utakuwa wa kwanza."

Akasikia mlio wa taarifa ya habari, ule anaousikia kila siku akiwa kwenye cherehani, sasa ukitokea ndani ya sikio lake. Mtangazaji akamtaja. Zuhura aliongea akiwa amekunja mwili wote kuizunguka simu. Hakupamba. Alisema gari liligeuka wapi na aliona nini ardhini, kisha akasoma majina, jina na mahali, jina na mahali, polepole, kwa sababu alijua kuna mtu Chumo na mtu Nangurukuru waliokesha wakisubiri kusikia jina moja tu. Akamtaja mtoto kwa jina la mama yake. "Na abiria mmoja mwanamume," akamalizia, "ambaye pia ni mzima." Akaongeza kwamba asiyelazimika kusafiri asiifuate njia ya Njia Nne. Mtangazaji alikuwa anamwuliza swali simu ilipozima.

Walishuka kwa kuteleza zaidi kuliko kutembea. Shuleni mtu alikuwa ameleta redio ya betri, na darasa zima lilikuwa limeizunguka. Wale mama walimkumbatia na maji yake. Dereva alikuwa akisema na hewa, "Mke wangu amesikia. Kwa saa hizi huwa ameshafungua redio, lazima amesikia."

Yule mwanamume wa kona alikuwa amesimama mlangoni, begi begani, kama aliyetaka kuondoka akakosa pa kwenda.

"Dada," akasema. "Ile sauti ya jana ilisema watu wote wamekufa."

"Ndiyo."

"Na ulivyosoma leo, wote wana majina. Mimi sina." Alimeza mate. "Mama yangu anajua. Yeye peke yake ndiye niliyemwambia napanda gari lile. Ana presha."

Zuhura alitazama simu iliyozima mkononi mwake. Taarifa nyingine ni saa kumi. Bodaboda wa pale dukani angekubali achaji kwenye betri ya pikipiki, na kule ng'ambo ilibidi aende kuchungulia kabla ya kupanda tena, kama maji yatapungua.

"Nikikutaja, na wengine nyumbani watasikia," akamwambia.

"Wasikie."

Alitoa daftari kifuani. Kurasa za nje zilikuwa zimelowa, za ndani bado kavu. Akaikwangua kalamu kwenye kidole gumba mpaka wino ukatoka.

"Jina lako kamili," akasema. "Na la kijiji alipo mama."