Maneno ya mjomba kwa Zuhura, miaka kumi

Assalaam aleikum. Mama yetu, shangazi zangu mliovuka kutoka Shela na jua hili, majirani wa Langoni, na nyinyi watoto mliojipanga karibu na keki kuliko mlivyo karibu na mwenye sherehe: karibuni. Sitasema mengi. Dada yangu Fatma kanikonyeza mara mbili tayari.

Zuhura, mwanangu, njoo usimame hapa. Umetimiza kumi leo, alhamdulillahi. Nimesikia minong'ono jikoni kwamba mjomba angeleta vipuli vya dhahabu. Vipuli vitakuja, una shangazi wengi. Mimi nimeleta kitu kilichofungwa kwenye kitambaa hiki, na kwa vile najua kitawashangaza baadhi yenu, naomba nieleze.

Likizo iliyopita mtoto huyu alikuwa anakuja kiwandani kila asubuhi baada ya chuo. Namwambia akae mbali na patasi, anakaa juu ya gogo la mbambakofi, kimya, na daftari lake. Mimi nilikuwa na kizingiti cha juu cha mlango, mawaridi matano mstari mmoja, na mwenyewe ananipigia simu kila siku. Nimechora yote, nimeanza kuchonga la kwanza. Zuhura akasema, "Mjomba, waridi la tatu limelewa."

Nilimfokea. Mbele ya vijana wangu wa kazi nilimwambia watoto hawasemi pasipo kuulizwa. Akafunga daftari akaenda zake, na hata maji hakunywa.

Nilipobaki peke yangu nikalipima. Waridi letu huanzia kwenye duara. Ukishalichora, unaiacha bikari na upana ule ule, unaweka mguu mmoja popote kwenye ukingo, unatia alama, unahamia kwenye alama, unatia nyingine. Mara sita, na ya sita inarudi pale pale ulipoanzia. Haizidi wala haipungui. Kwenye zile alama sita ndipo unapopata majani yake. Basi la tatu halikurudi. Skrubu ya bikari ilikuwa imelegea, mguu ukateleza upana wa unywele, na jani la mwisho likabanwa na wenziwe. Mimi nina miaka ishirini na mitatu katika kazi hii na sikuona. Mtoto wa miaka tisa kaona kutoka juu ya gogo.

Nikapiga randa, nikachora upya. Mwenye mlango hajui mpaka leo, na kama kuna jamaa yake hapa, asimwambie.

Zuhura, sikukuomba radhi siku ile. Nakuomba sasa, mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndiko nilikokufokea.

Ndani ya kitambaa kuna bikari. Si ile iliyolegea! Hii ni ya babu yako, ya chuma, aliyonipa mimi nilipoanza kujifunza. Nimeisugua kutu kwa mafuta ya nazi na nimeitia skrubu mpya. Kuna alama ya jino mguuni. Hiyo ni yangu. Nilikuwa naitafuna nikifikiri, na babu yako alinipiga kwa hilo.

Nasikia tena: kuchonga ni kazi ya wanaume. Shangazi, nimekusikia, na sitabishana nawe kwenye sahani zako za sambusa. Lakini mmeliona daftari lake la chuo? Pembe za kila ukurasa amezitia nakshi. Muhamadi Kijumwa wa mji wetu huu wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, alikuwa mwandishi wa hati, na alikuwa mchongaji. Mkono ule ule. Mimi nauona mkono wa mtoto huyu unaelekea wapi, na siwezi kujifanya sioni.

Tangu 2001 mji wetu umo kwenye urithi wa dunia, na wageni wanapita Usita wa Mui wakiipiga picha milango yetu. Wapige. Mimi nataka kujua nani atachora ule utakaofuata.

Patasi sijampa. Fatma, shusha pumzi. Patasi itakaa kiwandani, nimeikata mpini mfupi wa kiasi cha kiganja chake, na ataishika mimi nikiwa pembeni. Bikari ni yake, aende nayo popote. Zuhura, daftari likijaa, nitanunua jingine.

Haya, fungua. Polepole, ncha zake ni kali... Naona unaitazama keki. Ni kweli, ni duara. Mama yako amekataa kwa kichwa, basi iweke chini kwanza, ushike kisu.